Kwa Nini Kijerumani Ulichojifunza Hubadilika Ukifika Vienna au Zurich

Anayefanya mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya B1 katika Taasisi ya Goethe, iwe Nairobi au mji mwingine wowote duniani, anajibu maswali yaliyotungwa na pande tatu kwa pamoja: Taasisi ya Goethe yenyewe kutoka Ujerumani, Chuo Kikuu cha Fribourg cha Uswisi, na ÖSD, shirika la mitihani la Austria. Watunzi walikubaliana hivyo kwa sababu Kijerumani hakina mwenyewe mmoja. Kila moja ya nchi hizo tatu ina usanifu wake, na msemaji wa redio wa Vienna hakosei anapotamka neno tofauti na mwenzake wa Hamburg.

Wanafunzi wengi huijua habari hii kama orodha ya maneno: mkate mdogo huitwa hivi huku, huitwa vile kule. Orodha hizo si mbaya, lakini zinaficha jambo ambalo mwanafunzi angepaswa kuambiwa kabla ya yote. Tofauti kati ya Ujerumani na Austria ni ya aina moja, na tofauti kati ya nchi hizo mbili na Uswisi ni ya aina nyingine kabisa. Aliyejifunza Kijerumani sanifu akifika Vienna atasikia lugha ile ile ikiwa na lafudhi na msamiati wake. Akifika Zurich atasoma magazeti bila shida, kisha atapanda tramu na asiambulie hata sentensi moja ya abiria waliokaa mbele yake. Wengi hapo hukata tamaa wakidhani masomo yao yote yamepotea. Hayakupotea, ila wanachokisikia si lugha waliyofundishwa.

Tuanze na sikio, maana ndilo hushtuka kwanza. Chukua neno “Sonne”, jua. Kwa wasemaji wengi wa kaskazini na kati ya Ujerumani, S ya mwanzo wa neno hutamkwa kama Z ya “zawadi”, na ndivyo vitabu vingi vya kujifunzia vinavyoelekeza. Austria, Uswisi, na hata Bavaria ambayo imo ndani ya Ujerumani, hutamka S kavu kama ya “sauti”. Kwa Mswahili hili ni jepesi, kwa kuwa sauti zote mbili anazo. Nambari nazo huleta mkanganyiko kidogo: ishirini, “zwanzig”, katika usanifu wa Ujerumani huishia na sauti laini inayokaribia SH, ilhali kusini huishia na K safi. Anayesikia bei dukani Salzburg kwa mara ya kwanza huweza kudhani ametajiwa neno asilolijua. Nchi ya China hutamkwa “Kina” Austria na Bavaria. Waswisi huianza kwa KH nzito, ile ambayo wazee wa pwani huitoa vizuri katika jina Khamis.

Baada ya sauti huja sokoni. Mtu aliyejifunza kwamba nyanya ni “Tomaten” na viazi ni “Kartoffeln” atakuta vibao vya soko la Vienna vimeandikwa “Paradeiser” na “Erdäpfel”. Biringanya ni “Melanzani”, koliflawa ni “Karfiol”, nyama ya kusaga ni “Faschiertes”, na maharagwe mabichi ni “Fisolen”. Maneno haya si ya mitaani. Austria ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995, serikali yake iliyaombea ulinzi, na mkataba wa kujiunga ukawekewa Itifaki Namba 10 yenye maneno 23 ya vyakula. Itifaki inatamka kwamba maneno hayo yana hadhi sawa na yale ya Ujerumani yanapotumiwa katika sheria za Umoja. Tayari mwaka 1951 nchi hiyo ilikuwa imetoa kamusi yake, “Österreichisches Wörterbuch”, nayo hutumika shuleni mpaka leo. Naona ni haki yao. Taifa linaloandika sheria zake kwa lugha fulani halina sababu ya kuomba ruhusa kwa jirani juu ya jina la kiazi.

Maneno mageni kabisa kama “Fisolen” hayana madhara makubwa, kwa kuwa mtu akisikia asilolijua huuliza. Yanayoponza ni yale ambayo mwanafunzi anaamini anayajua. “Sessel” kwa Mjerumani ni kiti kikubwa cha kupumzikia chenye mikono, ilhali kwa Muaustria ni kiti cha kawaida cha mezani. “Kasten” Ujerumani ni sanduku au kreti ya soda, na Vienna ni kabati la nguo. Mgonjwa wa hospitali ya Austria akiomba “Polster” anataka mto wa kulalia. Muuguzi aliyesomea Ujerumani anamfahamu mto kwa jina la “Kissen”, na neno “Polster” kwake ni vile vitambaa vilivyojazwa vya sofa. Pilipili hoho nayo ina mtego wake. Ujerumani na Austria huiita “Paprika”. Uswisi huiita “Peperoni”, neno ambalo kwa Mjerumani ni pilipili kali. Ukisoma maelezo ya mchuzi katika gazeti la Uswisi yanayotaka “Peperoni” tatu, usitie pilipili kali tatu.

Upo pia mtego wa saa, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu huwachelewesha watu kazini. Wote wanaozungumza Kijerumani husema “halb acht”, nusu ya nane, wakimaanisha 7:30. Mantiki yake ni kwamba saa ya nane inaendelea na nusu yake imekwisha. Kiswahili kingesema saa moja na nusu, na hivyo Mswahili ana kazi mara mbili: kuhama kutoka hesabu yake ya saa, kisha kukumbuka kwamba nambari inayotajwa ni ya saa inayokuja. Wengi hulimudu hilo baada ya wiki chache. Lakini Vienna na mashariki ya Austria, na vilevile mashariki na sehemu za kusini mwa Ujerumani, huendeleza mantiki hiyo hadi kwenye robo. “Viertel acht” ni robo ya saa ya nane, yaani 7:15. “Dreiviertel acht” ni robo tatu zake, yaani 7:45. Mjerumani wa kaskazini na magharibi husema “Viertel nach sieben”, robo baada ya saba, na “Viertel vor acht”, robo kabla ya nane.

Sasa mfikirie dada aliyejifunza kwa mtindo wa kaskazini na ameajiriwa kulea watoto katika familia ya Vienna. Mama mwenye nyumba anamwambia mtoto afikishwe shuleni “um viertel acht”. Dada amesikia “acht” na “viertel”. Kwa kuwa hakusikia “vor”, anajaza mwenyewe “nach”, na kwake muda ni 8:15. Mtoto anafika saa nzima baada ya muda. Dawa ipo na ni rahisi: rudia saa uliyoambiwa kwa tarakimu kavu, “sieben Uhr fünfzehn?”, na usubiri jibu. Hakuna atakayeshangaa, kwa sababu Wajerumani wenyewe wa Hamburg na Leipzig hukwazana hapo hapo.

Katika sarufi, Austria na Uswisi hushirikiana na Ujerumani ya kusini katika jambo moja linalosikika mapema. Kitabu cha kawaida kinafundisha kwamba “nilikaa” ni “ich habe gesessen” na “nilisimama” ni “ich habe gestanden”. Kusini hutumia kitenzi kisaidizi kingine: “ich bin gesessen”, “ich bin gestanden”. Mwanafunzi akisikia hivyo hudhani msemaji amekosea. Hakukosea, na kwake tofauti hiyo inabeba maana. Katika masikio ya Muaustria, “er hat gestanden” ni amekiri kosa, na “er hat gesessen” ni amewahi kufungwa jela. Kwa hiyo ukiwa Graz na ukitaka kusema kwamba babu alikaa kwenye benchi, tumia “ist”.

Mpaka hapa tumekuwa ndani ya lugha moja. Uswisi inataka maelezo marefu zaidi.

Mwaka 1959 mwanaisimu wa Kimarekani, Charles Ferguson, aliandika makala iliyopata sifa kubwa kuhusu jamii zinazotumia sura mbili za lugha, moja ya juu na moja ya nyumbani, kila moja na mahali pake. Alichukua mifano minne: Kiarabu, Kigiriki, Krioli ya Haiti na Kijerumani cha Uswisi. Mfano wa Kiarabu utamsaidia msomaji wa pwani. Kijana wa Lamu au Unguja aliyesoma Kiarabu cha chuoni vizuri, akienda Maskati, ataelewa hotuba ya Ijumaa na taarifa ya habari, kisha sokoni atababaika, kwa sababu wenyeji hawasemezani kwa Kiarabu cha vitabuni. Uswisi ni hivyo hivyo. Kijerumani sanifu huandikwa katika magazeti, sheria, barua za ofisi na vitabu vya shule, na husomwa katika taarifa ya habari. Mazungumzo yote ya watu kwa watu hufanywa kwa lahaja: daktari na mgonjwa, mkurugenzi na karani, profesa na mwenzake wakinywa kahawa. Katika televisheni ya taifa, habari husomwa kwa Kijerumani sanifu, kisha mtabiri wa hali ya hewa anaingia na kuongea kwa lahaja.

Hapa ndipo Uswisi inapoachana na majirani zake. Miji mingi ya Ujerumani imeziachia lahaja zake zififie, na mara nyingi msomi huona aibu kuzitumia kazini. Uswisi lahaja haimshushi mtu hadhi. Mwaka 2011 wapigakura wa jimbo la Zurich waliamua kwamba lugha ya msingi ya shule za chekechea iwe lahaja, na Kijerumani sanifu kisubiri darasa la kwanza. Vijana huandikiana ujumbe wa simu kwa lahaja, kila mmoja akiendeleza maneno kwa kadiri anavyoyasikia, kwa kuwa hakuna tahajia rasmi. Na lahaja yenyewe si moja. Mtu wa Zurich anakusalimu “Grüezi”, wa Bern anasema “Grüessech”, nao hufahamiana bila yeyote kubadili yake.

Kwa nini lahaja hizi ziko mbali na Kijerumani cha vitabu? Sehemu ya jibu iko katika irabu. Zamani, katika Zama za Kati, wasemaji wa sehemu kubwa ya Kijerumani walisema “hus” kwa nyumba na “zit” kwa wakati, irabu ikivutwa. Kisha, kuanzia kusini-mashariki katika karne ya 12, irabu hizo ndefu zilianza kupasuka na kuwa mbili: “Haus”, “Zeit”. Badiliko likasambaa na likaingia katika lugha ya maandishi, lakini halikufika katika sehemu kubwa ya Uswisi. Mzurich bado anasema “Huus” na “Ziit”, na watu, “Leute”, kwake ni “Lüüt”. Kwa hiyo Mswisi hakukiharibu Kijerumani. Katika jambo hili yeye ndiye aliyebaki na sauti ya kale.

Faida kwa mwanafunzi ni kwamba badiliko hilo lina utaratibu, na linaweza kurudishwa nyuma. Tuchukue sentensi moja na kuifungua. Mfanyakazi mwenzako wa Zurich anakwambia: “Ich bi geschter im Spital gsi und ha kei Ziit ghaa.” Ukiisikia kwa kasi, ni kelele tupu. Sasa ipunguze mwendo. “Spital” ni hospitali, neno la Uswisi na Austria kwa kile ambacho Ujerumani huita zaidi “Krankenhaus”. “Geschter” ni “gestern”, jana: ST iliyo ndani ya neno imekuwa SCHT, na N ya mwisho imedondoka. Kudondoka kwa N kunatokea pia katika “bi”, ambayo ni “bin”, na katika “kei”, ambayo ni “keine” iliyopoteza mwisho wake wote. “Ziit” tumekwisha kuiona. “Ghaa” ni “gehabt”: kiambishi GE kimebanwa kikabaki G peke yake. Linabaki “gsi”, ambalo halikisiki kirahisi. Ni “gewesen”, na inabidi kulikariri. Sentensi sasa inasomeka: jana nilikuwa hospitali na sikuwa na muda.

Ongeza funguo mbili na utakuwa umefungua milango mingi. K ya mwanzo wa neno huwa KH katika sehemu kubwa ya Uswisi: mtoto, “Kind”, huwa “Chind”, na jikoni, “Küche”, huwa “Chuchi”. Pia lahaja hizi hazina ule wakati uliopita wa neno moja, kama “ich war” au “ich ging”. Kila kilichopita husemwa kwa kitenzi kisaidizi, kama katika sentensi tuliyoifungua. Mtoto wa Kiswisi hukutana na “war” vitabuni, na kwa upande huo wewe uliyejifunza darasani hujamzidi wala hukupungukiwa naye.

Maandishi ya Uswisi hayatakusumbua, ila kwa herufi moja. Herufi ß, inayotamkwa kama S mbili, haitumiki huko. Gazeti la “Neue Zürcher Zeitung” liliiacha mwaka 1974, likiwa miongoni mwa ya mwisho, na watu huandika “Strasse” na “gross” kila mahali. Mara chache hili huficha maana: “in Maßen” ni kwa kiasi na “in Massen” ni kwa wingi, na Mswisi huyaandika yote mawili kwa namna moja. Daktari akikuandikia kwamba divai inaruhusiwa “in Massen”, ameandika kwa mkono wa Kiswisi na anakuombea kiasi. Utakutana pia na maneno ya Kifaransa yaliyokaa nyumbani: baiskeli ni “Velo”, kuku wa mezani ni “Poulet”, tiketi ni “Billett”, na asante ya kila siku ni “merci”, mkazo ukiwa mwanzoni.

Ufanyeje unapozungumza nao? Usijaribu kuigiza lahaja katika miezi ya mwanzo. Maneno mawili matatu ya kuchovya hapa na pale huchanganya kuliko kusaidia. Jibu kwa Kijerumani sanifu na useme wazi: “Können Sie bitte Hochdeutsch sprechen?” Wengi watabadilisha papo hapo. Fahamu tu kwamba kwa Mswisi hiyo ni lugha ya shule na ya maandishi, na akiitumia sana huona kama yuko ofisini. Ukiwa naye peke yako atavumilia. Wakiwa wanne na wewe mmoja, baada ya dakika chache watateleza kurudi kwenye lahaja. Hawakukusudia kukutenga. Kwa hiyo lengo la busara kwa anayehamia huko ni kuelewa lahaja na kuendelea kujibu kwa sanifu, kila mtu na yake. Wahamiaji wengi huishi hivyo, na wenyeji huliona jambo la kawaida. Utabiri wa hali ya hewa ni mazoezi mazuri ya sikio, kwa kuwa msamiati wake ni mdogo na hujirudia kila jioni: mvua, theluji, upepo, nyuzi joto, majina ya miji.

Kosa jingine linalowapata wageni ni kusikia Kijerumani sanifu kikitoka kinywani mwa Mswisi na kukidhania lahaja. Mwendo wake ni wa taratibu, KH ni nzito, na maneno kama “Büro” yana mkazo mwanzoni. Jaribio ni dogo: sikiliza kama anasema “nicht” au “nöd”, “gewesen” au “gsi”. Akisema “nicht” na “gewesen”, anakusemesha kwa sanifu, na kinachokuzuia kumwelewa ni lafudhi tu, jambo ambalo sikio hulizoea.

Na mipaka ya nchi isikudanganye. Lahaja ya Munich iko karibu na ya Vienna kuliko na ya Berlin. Magharibi kabisa mwa Austria kuna jimbo la Vorarlberg, linalopakana na Uswisi, ambako watu husema lahaja za jamii moja na zile za Waswisi. Aliyekwisha kuizoea Vienna, akihamia Bregenz kwa kazi, analazimika kuanza kulizoesha sikio lake upya ndani ya nchi ile ile, na “gsi” itamkuta huko pia. Waaustria wengine wamewapa watu wa Vorarlberg jina la utani kutokana na neno hilo: huwaita “Gsiberger”.